Damu ya Mjamzito Haijapotea, Imezimuliwa

Kwenye kadi ya kliniki, namba inayojadiliwa sana nyumbani ni ile ya wingi wa damu. Ikishuka kutoka 12 hadi 11, mama mkwe ananunua rozela, jirani analeta juisi ya biti, na mjamzito mwenyewe halali. Lakini mguu wake wa kushoto ukivimba peke yake, watu walewale wanamwambia ni mimba tu, utapungua. Naandika haya kwa sababu hofu imewekwa penye utulivu, na utulivu umewekwa penye hofu. Madai ninayoyajibu hapa ni yale yanayorudiwa mara nyingi, kliniki na barazani.

Dai la kwanza: namba ikishuka, mama amepoteza damu.

Hapana. Mara nyingi ana damu nyingi kuliko aliyokuwa nayo maishani mwake mwote. Kinachopimwa kliniki si jumla ya damu mwilini, bali ni gramu za himoglobini zilizomo katika desilita moja ya damu. Kuanzia wiki ya 6 hivi, homoni za mimba huzifanya figo zibakize chumvi na maji, na sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazima, huanza kuongezeka. Kufikia wiki ya 30 hadi 34 huwa imezidi kwa asilimia 40 hadi 50. Chembe nyekundu nazo huongezeka, ila kwa mwendo wa polepole, na ongezeko lake ni kama nusu ya lile la plazima. Ni mchuzi ulioongezwa chumvi, kisha ukaongezwa maji mengi zaidi: ukiuonja ni hafifu, lakini chumvi iliyomo sufuriani imezidi.

Tumchukue mama mmoja tuhesabu. Kabla ya mimba ana lita 4 za damu: lita 2.5 za plazima na lita 1.5 za chembe nyekundu. Himoglobini yake ni 12.6. Lita 4 ni desilita 40, kwa hiyo mwili mzima una gramu 504 za himoglobini. Anafika wiki ya 32. Plazima imeongezeka kwa asilimia 45 na kuwa lita 3.6 hivi. Chembe nyekundu zimeongezeka kwa asilimia 20 na kuwa lita 1.8. Sasa ana lita 5.4 za damu, na himoglobini yake yote ni gramu 605. Gawanya kwa desilita 54, unapata 11.2. Kadi inaonyesha ameshuka kwa zaidi ya gramu moja, ilhali mwilini mwake zimeongezeka gramu 100.

Mzimuo huu una kazi. Damu iliyo nyepesi hupita kwa urahisi katika mishipa ya kondo la nyuma, ambako mimba inapokomaa hupita zaidi ya nusu lita kila dakika. Kisha siku ya kuzaa, mama anapopoteza nusu lita, damu inayotoka ni ile iliyozimuliwa, yenye chembe chache katika kila kijiko, na akiba ya plazima inauweka moyo wake katika mwendo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliwapimi wajawazito kwa kipimo cha wanawake wengine, ambao kwao chini ya 12 ni upungufu. Kwa mjamzito mpaka ni 11 katika miezi mitatu ya kwanza, 10.5 katika miezi mitatu ya katikati, na 11 tena katika miezi ya mwisho. Bila kujua wiki ya mimba, namba hiyo haisomeki.

Dai la pili: damu ikiwa nzito zaidi, ndivyo mama na mtoto walivyo salama zaidi.

Hili ndilo dai linalowashangaza wengi likijibiwa. Mwaka 1995 Philip Steer na wenzake walichapisha uchambuzi wa mimba zaidi ya 150,000 za eneo la London. Wastani wa uzito wa watoto ulikuwa mkubwa zaidi kwa akina mama ambao himoglobini yao ilishuka hadi kati ya 8.5 na 9.5. Wale ambao yao haikushuka chini ya 10.5 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo au kuzaa kabla ya wakati.

Tusikimbilie kusema upungufu wa damu ni mzuri. Utafiti ule ulifanyika mahali ambapo malaria na safura si maradhi ya kila siku, na kiasi kikubwa cha kushuka kule kilitokana na plazima kujaa sawasawa. Funzo lake ni kwamba plazima isipoongezeka, kuna kasoro. Mama wa wiki ya 30 mwenye 14 anaweza kusifiwa kuwa ana damu nzuri, kumbe plazima yake imegoma kupanda, jambo linaloonekana kwa wenye kifafa cha mimba kinachonyemelea. Huyo anahitaji kupimwa presha, kupimwa protini katika mkojo, na kuangaliwa kama mtoto anakua. Haongezewi pongezi wala juisi.

Dai la tatu: kama kushuka ni kawaida, vidonge vya madini ya chuma ni vya nini?

Hapa wako wanaovitupa vidonge njiani wakitoka kliniki, wengine wakiamini vinamnenepesha mtoto hadi ashindwe kupita. Vidonge hivyo havimfanyi mtoto kuwa jitu. Mimba moja inadai takriban miligramu 1,000 za madini ya chuma: kama 300 huenda kwa mtoto na kondo, kama 500 hutengeneza zile chembe nyekundu za ziada, na zilizobaki ni zile ambazo mwili hupoteza kila siku. Mwanamke aliyezaa mara tatu kwa kufuatana mara nyingi hana akiba hiyo. Asipoipata, plazima itaongezeka kama kawaida lakini chembe hazitaongezeka, na hapo mzimuo unageuka kuwa ugonjwa.

Utatofautishaje? Mzimuo hupunguza idadi ya chembe katika kila tone, lakini hauzikondeshi. Ikiwa hospitali ina mashine ya kuhesabu chembe, tazama karatasi ya majibu penye MCV, ambayo ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Ikiwa 80 au zaidi, na himoglobini haijavuka mpaka wa wiki zake, huo ni mzimuo. Ikiwa 72, chembe zimenyimwa madini ya chuma, au mama ana tatizo la kurithi kama thalasemia. Kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini hayo, kinasaidia, lakini kina mtego: maambukizi huipandisha, hivyo mwenye malaria anaweza kuonekana ana akiba ambayo hana.

Zahanati nyingi hazina mashine hiyo, na bado njia ipo. Mpe mama dawa, hakikisha anaimeza, kisha mpime tena baada ya wiki 4. Akipanda kwa gramu 1 au zaidi, jibu limepatikana na tiba inaendelea. Asipopanda, ulizeni kwanza kama vidonge vinamezwa pamoja na chai ya maziwa au kama anakula udongo, maana vyote viwili huzuia madini yasifyonzwe. Juisi ya chungwa husaidia. Kisha tafuteni malaria, minyoo ya safura na selimundu. Rozela na biti ni vinywaji vizuri, lakini madini ya chuma yaliyomo hayatoshi kulipa deni la miligramu 1,000. Na himoglobini ikiwa chini ya 7, hilo si suala la kusubiri wiki 4. Ni la hospitali siku hiyohiyo.

Dai la nne: damu ya mjamzito huganda upesi, kwa hiyo hawezi kuvuja sana.

Nusu ya kwanza ni kweli. Ini hutengeneza vigandishi vingi zaidi, na faibrinojini, protini inayofuma nyuzi za bonge la damu, hupanda kutoka gramu 2 hadi 4 kwa lita mpaka gramu 4 hadi 6. Protini S, mojawapo ya breki za mwili dhidi ya kuganda, hupungua. Kondo lenyewe hutoa kemikali inayochelewesha kuyeyuka kwa mabonge. Yote haya ni maandalizi ya saa ile kondo litakapobanduka na kuacha mishipa wazi.

Lakini kinachoifunga mishipa ile kwanza ni misuli ya mfuko wa uzazi inapojikaza. Misuli ikilegea, hakuna kigandishi kitakachowahi. Tena ile akiba ya damu huwadanganya wahudumu: mama anaweza kupoteza lita nzima na presha yake ikabaki kama kawaida. Hata maabara inaweza kudanganya. Faibrinojini ya gramu 2 ni sawa kwa mtu asiye mjamzito. Kwa mzazi anayevuja damu ni dalili kwamba hali imeshakuwa mbaya. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliowahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya kuvuja damu baada ya kuzaa, hasa ikichomwa ndani ya saa 3. Dawa hiyo huzuia bonge lililokwisha kufumwa lisiyeyuke mapema.

Dai la tano: mguu kuvimba ni kawaida ya mimba, na baada ya kuzaa hatari imekwisha.

Miguu yote miwili ikivimba jioni na kupungua asubuhi, kweli hilo ni la kawaida, mradi presha iko sawa. Mguu mmoja ni habari nyingine. Katika mimba, bonge la damu kwenye vena za ndani hukaa mguu wa kushoto mara nyingi mno, kwa sababu vena ya nyonga ya kushoto hupita chini ya ateri ya kulia, na mfuko wa uzazi huikandamiza zaidi. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima miguu yote sentimita 10 chini ya goti. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi, pamoja na maumivu ya pajani au nyongani, inatosha kumpeleka mama akapigwe picha ya vena kwa mawimbi ya sauti. Kipimo cha damu cha didaima hakimalizi shaka, kwa kuwa mimba yenyewe hukipandisha.

Na hatari haiishi mtoto anapolia. Wiki 6 za kwanza baada ya kuzaa ndizo zenye hatari kubwa kuliko mimba yote, na upasuaji huongeza. Ndani ya arobaini mzazi hulazwa, hukandwa maji ya moto, huambiwa asitoke. Kupumzika ni haki yake, lakini anyanyuke atembee chumbani na uani tangu siku ya kwanza, na anywe maji. Mguu uliovimba upande mmoja usisuguliwe wala kukandwa, maana bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Akibanwa na pumzi ghafla, akichomwa kifuani anapovuta hewa au akikohoa damu, apelekwe usiku huohuo. Tiba ipo: sindano za heparini, ambazo haziwezi kupita kwenye kondo kumfikia mtoto. Aliyeanza akiwa mjamzito huzitumia hadi angalau wiki 6 baada ya kuzaa. Warfarini haifai kwa mtoto aliye tumboni, lakini anayenyonyesha anaweza kuitumia, na asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu hiyo.