Mteja aambiwe ukweli kwa adabu

Tuchukue mama muuza dagaa wa Liuli, kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa. Anamtumia mwenye maharage wa Mbinga mjini shilingi 85,000 kwa simu. Anakosea tarakimu moja, na hela inaingia kwa mtu asiyemjua. Anapiga 100, namba ya huduma kwa wateja. Hela ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kwa kawaida kampuni inaweza kuizuia, kumtafuta aliyeipokea na kuirudisha akiridhia. Ikishatolewa, njia hiyo imefungwa. Dakika chache za simu hiyo ndizo zenye uzito, na mhudumu anazitumia kusoma mwongozo ulioandikwa kwanza kwa Kiingereza, halafu ukageuzwa neno kwa neno.

Mwongozo wa namna hiyo unaanza na "Ninawezaje kukusaidia leo?" na unaishia na "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Ni sentensi baridi, ila hazimwibii mteja kitu. Zinazomwibia ni zile za katikati.

Ya kwanza ni swali la namba ya siri. Mhudumu anasoma: "Hukumtajia mtu yeyote namba yako ya siri?" Mama anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili chake amejibu sawasawa: ndiyo, sikumtajia mtu. Mhudumu anayefuata kisanduku cha ndiyo na hapana kwenye kompyuta anaweza kuandika kwamba alimtajia. Lalamiko limeharibika hapo, na mama hatajua kamwe kwa nini. Swali liulizwe hivi: "Kuna mtu uliyemtajia namba yako ya siri?" Jibu la "hakuna" halina njia mbili. Kila swali la kukanusha kwenye mwongozo litafutwe na ligeuzwe, na kazi hiyo haihitaji mtaalamu wala bajeti.

Ya pili ni muda. "Within 4 hours" inageuzwa kuwa "ndani ya saa 4". Mtandao unakatika kidogo, neno "ndani" linapotea, na mama amesikia saa nne. Kwa hesabu yetu saa nne ni asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Anakaa na simu mkononi asubuhi ya kesho yake badala ya kwenda kupokea mitumbwi. Mbaya zaidi ni pale anayetafsiri anapoiacha 10:00 ya Kiingereza ibaki "saa 10:00", kwa hiyo miadi ya asubuhi inahamia jioni. "Saa 72 za kazi" nayo haina maana kwa mtu anayeuza samaki hata Jumapili. Mhudumu ataje siku na wakati wa siku: "Tutakupigia kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Tusipokupigia, piga 100 utaje namba hii ya lalamiko." Ahadi ya namna hiyo inamfunga aliyeitoa, na pengine ndiyo sababu inakwepwa.

Ya tatu, na ndiyo inayotuuma zaidi, ni hapana isiyosemwa. Hela imeshatolewa. Mwongozo unamtaka mhudumu aseme: "Kwa bahati mbaya, kwa sasa hatutaweza kukamilisha ombi lako." Aliyeandika alidhani analainisha. Mama amesikia "kwa sasa", basi kesho anapiga tena, na keshokutwa tena. Kuna na lile jibu la "linashughulikiwa", ambalo halisemi nani anashughulikia wala mpaka lini. Huko ni kumzungusha mtu, hata sauti iwe tamu kiasi gani.

Kiswahili kina njia ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima, nayo huanza na pole, ikafuata sababu, kisha hapana, kisha njia iliyobaki. "Pole sana mama. Hela uliyotuma imeshatolewa kwa wakala, kwa hiyo sisi hatuwezi kuirudisha. Nenda polisi ukaripoti, uwaonyeshe ujumbe wa muamala. Polisi wakituandikia, tutawapa taarifa wanazohitaji." Hakuna "kwa bahati mbaya", hakuna "kwa sasa". Pole ndiyo neno la hapo, kwa sababu kampuni haikukosea. Samahani iwekwe akiba kwa siku ambayo kampuni yenyewe imekata hela isivyo halali, na siku hiyo mhudumu aseme "tumekosea", asiseme "kumetokea hitilafu".

Namna ya kumwita mtu isilazimishwe na mwongozo. "Mpendwa mteja" ni ya ujumbe wa maandishi. Kwenye simu, sauti ya mtu mzima wa Mbamba Bay inastahili mama au baba, na kijana anayepokea akianza na shikamoo hajapoteza muda. Mteja akipandisha hasira, asiambiwe "tafadhali tulia". Neno hilo kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi ni sawa na kumwaga mafuta ya taa motoni. "Mama, nakusikiliza. Naomba kwanza namba ya muamala tuizuie hela, halafu tuongee mengine." Naomba hapo ina adabu, na bado haimwachii mtu nafasi ya kubishana. Akitukana, aambiwe mara moja na waziwazi: "Naomba tuongee bila matusi. Yakiendelea nitakata simu." Kisha mhudumu atimize.

Turudi kwa yule aliyepokea hela, tuseme bado haijatolewa. Simu anayopigiwa yeye inafanana na simu ya tapeli. Matapeli wameshaizoesha nchi nzima habari ya "hela imeingia kwako kimakosa, irudishe". Mwongozo ukimwelekeza mhudumu aseme "tungependa kukuomba, kama hutojali, utume kiasi hicho", mpokeaji mwenye akili timamu atakata simu, naye atakuwa amefanya sawa. Aambiwe hivi: "Kwenye akaunti yako imeingia shilingi 85,000 kwa makosa, na tumeizuia. Usitume hela kwa mtu yeyote, na usimtajie mtu namba yako ya siri. Ukiridhia, tutairudisha sisi. Ukitushuku, kata simu hii upige 100 mwenyewe." Ruhusa hiyo ya kukata simu ndiyo inayomtenga mhudumu na tapeli, maana tapeli hawezi kuitoa.

Kuna sentensi moja tunayotaka isikike kila lalamiko linapofungwa bila mteja kuridhika: kwamba ana haki ya kulipeleka mbele. Huduma za fedha za simu ziko chini ya usimamizi wa Benki Kuu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na huduma za mawasiliano ziko chini ya TCRA. Mama wa Liuli atajiwe ofisi husika kwa jina, kwa sauti ileile aliyosalimiwa nayo.

Kampuni zinazotaka kujua kama mwongozo wao unafaa zisiupime mezani Dar es Salaam kwa kuusoma kwenye karatasi. Zimpigie mtu wa Lituhi au mkulima wa kahawa wa Mbinga anayesubiri malipo ya AMCOS yake, wakati mtandao unayumba, zimsomee sentensi mara moja tu. Kisha zimwombe arudie alichosikia: hela yake iko wapi, atapigiwa siku gani, yeye afanye nini. Akitaja siku isiyo sahihi, sentensi hiyo iandikwe upya.