Baba Mwenye Nyumba Yuko Kanada, Ufunguo Utakuja kwa Basi

Jamani, masta yenye kiyoyozi, jiko lake na tailizi hadi ukutani, Sinza, kwa elfu hamsini kwa mwezi? Halafu mwenye nyumba yuko Kanada na anatafuta tu "mtu mstaarabu"? Haya.

Watu wanawacheka wanaoliwa hapa kwamba wanapenda mteremko. Si kweli, bei ni chambo tu. Kinachonasa ni umbali. Mchukulie binti wa Chilangala kule Newala, kapata chuo Dar, kinafunguliwa wiki ijayo. Safari ya kwenda kukagua chumba ni basi la kutwa nzima, nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo hata yeye hawezi kufika. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana naye anajiweka mbali: akiwa Kanada, hakuna wa kumuuliza kwa nini mlango haufunguliwi.

Hesabu inakwenda hivi. Kodi ya miezi mitatu, 150,000, na 50,000 ya kushikilia chumba "maana wateja ni wengi". Binti anatuma 200,000, hela ya korosho ya mzee hiyo. Kesho yake inakuja nyingine: 30,000 ya mkataba wa mwanasheria. Halafu ya kusafirisha ufunguo. Anayeshasubiri chumba hulipa hii ya pili ili ya kwanza isipotee, na hapo ndipo anapoumia zaidi.

Ila mtu wa Kanada mbona anapokea kwa laini ya Bongo? Kabla ya kuweka namba ya siri, simu inaonyesha jina la mpokeaji. Likitofautiana na la mwenye nyumba, utaambiwa ni la shemeji. Kila tapeli ana shemeji!

Zikague na picha. Soketi za kwetu zina matundu matatu ya bapa. Ukiona za matundu mawili ya duara, na dirisha halina nondo wala wavu wa mbu, hiyo nyumba haipo Sinza.

Kweli, wapo Wabongo wa nje wenye nyumba za kupangisha. Lakini hao huacha funguo kwa mtu: mdogo wake, dalali, jirani. Sasa binti amtume binamu aliyeko Dar aingie ndani, apige video akiwa anafungua bomba, kisha apite kwa mjumbe aulize nyumba ni ya nani. Nauli ya daladala na soda, basi. Mwenye nyumba akisema hakuna wa kufungua mpaka hela iingie, mazungumzo yameisha.

Na aliyeshatuma apige huduma kwa wateja wa mtandao wake dakika hiyohiyo, kabla hela haijatolewa kwa wakala. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi kwelikweli. Namba ya tapeli iende TCRA kupitia 15040, kisha polisi, na meseji zote zisifutwe.