Bei ya hisa ipo, mnunuzi yuko wapi?

Kijana msomaji, ukiambiwa hisa zako zimepanda bei, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza: nani atazinunua?

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Mwaka 2023, miaka 25 baadaye, kampuni zake zilikuwa hazijafika 30. New York zinapita 2,000. Kulikoni?

Wakubwa walidhani dawa ni amri. Sheria ya mwaka 2016 ikazitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom ikaingia sokoni mwaka 2017 na hisa milioni 560, kila moja shilingi 850. Wananchi hawakuzimaliza, ikabidi milango ifunguliwe kwa wageni.

Sasa tazama kiini cha mambo. Asilimia 75 iliyobaki ilikaa kwa wenye kampuni, na hao hawauzi. Hata katika ile 25, mifuko ya pensheni na wanunuzi wakubwa hununua ili wakae wakingoja gawio. Hisa zinazozunguka kweli kweli ni kidogo. Sheria inaweza kuiburuta kampuni hadi sokoni, lakini haiwezi kumlazimisha mtu auze wala anunue.

Tupige hesabu ya mfano. Una hisa 2,000 na bei iliyotangazwa ni shilingi 500. Unadhani una milioni moja mfukoni. Unamwendea dalali wa hisa, anafungua orodha ya wanunuzi: mmoja anataka hisa 300 kwa shilingi 480, mwingine 200 kwa 450. Basi. Ukiwauzia wote unapata shilingi 234,000, na hisa 1,500 zinabaki mkononi. Ile 500 ilikuwa bei ya mauzo ya mwisho, pengine ya wiki iliyopita. Kwenye soko kubwa wanunuzi wamepanga foleni, tofauti ya bei ni ndogo, na unatoka siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo mduara unapofunga. Mnunuzi anaogopa kuingia mahali asipoweza kutoka. Mwenye kiwanda naye anajiuliza: nilipe mawakili na wakaguzi, nianike mahesabu yangu mbele ya washindani, kisha niuze hisa kwa bei ya kutupa? Anakwenda benki kukopa. Kampuni hazisogei, wanunuzi hawaji, soko linabaki dogo.

Sisi tunasema, kabla hujatoa senti yako, usiulize bei peke yake. Muulize dalali mambo mawili: hisa ngapi za kampuni hii ziliuzwa mwezi uliopita, na nani ameshika zilizobaki? Akikujibu kwamba wiki nzima hapakuwa na mauzo, ujue pesa utakayoweka hapo si ya kodi ya nyumba. Kuingia ni rahisi. Kutoka ndiyo kazi.