Aya ya Sheria Isemwe, Isisomwe

Umezuka mtindo ambao walimu wa Kiswahili na waelimishaji wa uraia hatuna budi kuupinga. Mtu huchukua aya ya sheria iliyoandikwa kwa ajili ya karatasi, husimama mbele ya simu, huisoma neno kwa neno kwa sauti ya taarifa ya habari, kisha huirusha video hiyo na kutangaza kwamba amewaelimisha wananchi. Ukimkosoa, hujibu kwamba hataki kukichafua Kiswahili. Nasema waziwazi kwamba huyo hajakilinda Kiswahili, wala hajamwelimisha mwananchi. Amemfungia haki yake ndani ya sanduku na ufunguo akabaki nao.

Ili tusibishane hewani, tuchukue mfano mmoja. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamlinda mtu aliyekamatwa. Hii hapa ni aya ya aina ambayo husomwa katika video hizo:

«Kwa mujibu wa Ibara ya 23 ya Katiba, mtu yeyote ambaye atakuwa amekamatwa au kuwekwa kizuizini atafahamishwa papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake pamoja na haki yake ya kuwakilishwa na wakili amtakaye, na, iwapo hatakuwa ameachiliwa mapema zaidi, atafikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote vile si zaidi ya saa arobaini na nane tangu wakati wa kukamatwa kwake, aidha, ndugu yake wa karibu atajulishwa mapema iwezekanavyo kuhusu kuzuiliwa kwake pindi atakapoomba.»

Kisarufi, aya hii haina doa. Upatanisho wa ngeli uko sawa na msamiati ni sanifu. Hata hivyo, ina maneno zaidi ya sabini katika sentensi moja, nayo ina maradhi matatu ambayo jicho huyavumilia lakini sikio haliyawezi.

Ugonjwa wa kwanza ni wa mtenda aliyefichwa. «Atafahamishwa» na nani? «Atafikishwa» na nani? Kauli ya kutendwa imemwondoa polisi katika sentensi inayohusu wajibu wa polisi. Msomaji wa kitabu anaweza kusimama na kumtafuta. Mtazamaji wa video hana nafasi hiyo, kwa kuwa sauti imekwisha kupita.

Ugonjwa wa pili ni mkubwa zaidi. Waandishi wa sheria wamezoea kuueleza wajibu kwa kiambishi «-ta-». Katika maandishi ya kisheria, «atafikishwa mahakamani» maana yake ni kwamba lazima afikishwe. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, «-ta-» ni wakati ujao tu. Mama anayeuza ndizi sokoni akisikia «atafikishwa mahakamani» anapata habari ya jambo litakalotokea, kama vile mvua itanyesha kesho. Hasikii amri ambayo polisi amepewa na Katiba. Hivyo neno lile lile lililobeba wajibu kwenye karatasi linautupa njiani linapofika masikioni.

Ugonjwa wa tatu umo katika maneno mawili ya mwisho: «pindi atakapoomba». Ni nani huyo anayeomba? Ni aliyekamatwa au ni ndugu yake? Kwa sarufi yetu, kiambishi «a-» kinaweza kumrejelea yeyote kati yao. Katiba inakusudia aliyekamatwa: ndugu hujulishwa yeye mwenyewe akiomba. Mtazamaji asiyelipata hilo atakaa mahabusu akingoja polisi wawapigie simu watu wa nyumbani kwake, hali yeye hakutamka neno. Kosa dogo la kiwakilishi limeigharimu familia nzima usiku wa kumtafuta mtu hospitalini.

Sasa tuigeuze aya hiyo kuwa maneno ya kusemwa. Kazi hii haianzi kwa kubadilisha maneno magumu kuwa mepesi, kama wengi wanavyodhani. Huanza kwa maswali matatu: nani afanye nini, lini, na mtazamaji mwenyewe aseme nini? Majibu yakishapatikana, tunamtoa «mtu yeyote» na kumweka «wewe». Tunaiacha «ambaye atakuwa amekamatwa» na kutumia «-ki-», kiambishi kidogo ambacho Kiswahili kilikiumba kwa kazi hiyo hasa: «ukikamatwa». Tunamrudisha polisi mahali pake, na kila palipokuwa na «-ta-» ya wajibu tunaweka «lazima». Mwisho tunayapanga mambo kwa jinsi yatakavyomfikia mtu siku hiyo, wala si kwa jinsi yalivyopangwa kwenye Katiba. Tunapata maneno haya:

«Ndugu yangu, siku ukikamatwa na polisi, lazima wakwambie hapo hapo wanakukamata kwa sababu gani. Na wakwambie kwa lugha unayoielewa. Hujaelewa? Uliza: “Afande, nimekamatwa kwa sababu gani?” Lazima pia wakwambie kwamba una haki ya kuwa na wakili, na wakili huyo unamchagua wewe. Je, unataka watu wa nyumbani wajue uko wapi? Waombe polisi. Sema: “Afande, naomba mumjulishe mke wangu.” Ukishaomba, lazima wamjulishe mapema iwezekanavyo. Sasa shika hesabu hii. Tuseme wamekukamata Jumatatu saa nne asubuhi. Kama hawajakuachilia, lazima wakupeleke mahakamani haraka, na mwisho kabisa ni Jumatano saa nne asubuhi. Hizo ndizo saa arobaini na nane, nazo zinahesabiwa tangu ulipokamatwa, si tangu ulipofika kituoni. Haya yote yamo katika Katiba ya Uganda, Ibara ya 23.»

Watakaosema kwamba maneno haya ni marefu kuliko aya ya awali watakuwa wamesema kweli, na hapo ndipo wanapokosea. Ufupi ni sifa ya karatasi. Sikio huhitaji nafasi ya kupumua na marudio kidogo. Tazameni pia ilipokwenda namba ya ibara. Ikitajwa mwanzoni, mtazamaji hana mahali pa kuiweka, kwa sababu bado hajajua inahusu nini. Ikitajwa mwisho, baada ya kisa kueleweka, anaweza kuishika na kuitumia. Saa arobaini na nane nazo hazikuachwa uchi: zimegeuzwa kuwa siku na saa ambazo mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole.

Watetezi wa usanifu nao nawauliza: ni upatanisho gani uliovunjwa katika maneno hayo? Ni neno gani la mitaani lililoingizwa? Hakuna. Hapa Uganda tumezoea kudhani kwamba Kiswahili cha kuongea ni kile cha kuzikanyaga ngeli, cha «mtu yangu» na «kitu yake». Dhana hiyo ndiyo inayowafanya wengine wakimbilie lugha ya kikatibu kwa hofu. Baina ya hizo mbili ipo lugha ya tatu, ambayo ni fasaha na hai, inayouliza, inayojibu na inayosema «sasa», «basi», «je». Wazee wa pwani wanaizungumza kila jioni barazani bila kukosea ngeli hata moja.

Ubishi wangu hauwaachi salama wale wa upande wa pili, wanaorahisisha hadi wakapotosha. Wao husema: «Zikipita saa 48, polisi lazima wakuachie.» Ni maneno matamu, lakini Ibara ya 23 haikusema hivyo. Imesema kwamba asiyeachiliwa mapema lazima apelekwe mahakamani ndani ya muda huo. Mtu aliyefundishwa kwamba mlango utafunguka wenyewe hatajua la kudai, ilhali aliyefundishwa vizuri ataomba jambo mahususi: apelekwe mbele ya hakimu. Neno gumu linaweza kuachwa, lakini sharti la sheria haliachwi. Kabla ya kurekodi, ziweke aya zote mbili sambamba na uhesabu masharti: sababu, papo hapo, lugha inayoeleweka, wakili wa kuchagua, ndugu kwa ombi la aliyekamatwa, saa arobaini na nane, na mwanzo wa kuzihesabu. Likikosekana hata moja, hukurahisisha, umepunguza.

Kwa sababu hiyo hiyo, msinakili video ya jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 49, inataja saa 24, na inaongeza kwamba zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ibara yetu ya 23 inataja saa 48 bila kuweka sharti hilo. Kiswahili ni kimoja, lakini sheria ni mbili, na mtazamaji wa Busia hawezi kujua video iliyomfikia ilitoka upande gani wa mpaka msipotaja jina la nchi. Ndiyo maana nimeandika «Katiba ya Uganda», si «Katiba» pekee.

Yapo pia yanayopimika kwa sikio tu. Andika kila pumzi kwenye mstari wake. Ukiishiwa pumzi kabla ya mstari kwisha, sentensi ndiyo yenye kosa, si mapafu yako. Kisha rekodi, ulaze simu kifudifudi, na umsikilizishe mtu ambaye hakuisoma aya hiyo. Usimwulize kama ameelewa, kwa maana kwa adabu zetu kila mtu hujibu kwamba ameelewa. Mwulize: «Ukikamatwa Ijumaa saa mbili usiku, mwisho wa kupelekwa mahakamani ni lini?» Akijibu Jumapili saa mbili usiku, kazi imekamilika. Akisema «baada ya siku chache», rudi mezani.

Sidai kwamba aya ya kitabuni ifutwe. Mahali pake ni mahakamani, darasani na katika maandishi yanayowekwa chini ya video, ili mwenye kutaka neno kamili alisome. Ninachokataa ni kuisomea video na kujiita mwelimishaji. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na bado raia wengi wa nchi hii wanakijua zaidi kama sauti ya askari anayetoa amri. Sasa raia huyo anakaribia kukisikia kikimweleza yeye haki zake mbele ya askari huyo huyo. Tukimsomea «atafikishwa iwezekanavyo», atazima simu, na Kiswahili kitabaki kilipokuwa, mdomoni mwa mwenye pingu.