Kutoka sanduku la AVEC hadi hisa na hati za serikali: hotuba isiyo na hesabu haifai Masisi na Walikale

Maoni

Katika vijiji vya Masisi na Walikale, wanachama wa AVEC wamezoea kuletewa hotuba. Mgeni anafika siku ya mkutano, anakaa kwenye benchi mbele ya sanduku, kisha anasema: wamama na wababa, pesa inayolala haizai, acheni kubika noti ndani ya sanduku, nunueni hisa na hati za deni za serikali kama watu wa miji mikubwa. Watu wanapiga makofi. Mgeni akisha kwenda, mama mwekahazina anabaki na funguo mkononi akijiuliza: hiyo hisa inauzwa wapi, na hati hiyo anaishika nani?

Swali lake ni la haki. Mgeni hasemi uongo kwamba sanduku lina hatari. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake, ili mmoja peke yake asiweze kuiba. Lakini kufuli tatu hazizuii mwenye bunduki. Vita vilipopanda Masisi na kushuka Sake mwanzoni mwa mwaka 2025, watu walikimbia na watoto na magodoro. Anayekimbia akibeba sanduku la chuma njiani anajulikana mara moja.

Hatari ya pili haina kelele. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2.000, na mwaka ulipoisha ilikuwa imepita franka 2.600. Kikundi kilichobika franka miezi yote hiyo bila kuikopesha kiligawana idadi ileile ya noti, lakini bidhaa zinazopangiwa bei kwa dola zilikuwa zimepanda. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani, na pesa ilipungua.

Basi hotuba ina sababu ya kutolewa. Kosa lake ni kuanza na maneno ya mbali, wakati wanachama wanaijua hisa tayari. Katika AVEC, kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano na kupigiwa mihuri kwenye kitabu chake. Ni hapo hotuba ingeanzia.

Mfano, kikundi kina watu 25, hisa moja ni franka 2.000, na kila mtu ananunua hisa mbili kwa juma. Kila juma zinaingia franka 100.000. Baada ya majuma 50 kuna hisa 2.500 na franka 5.000.000. Pesa hiyo haikulala: wanachama walikopa, mmoja kwa mbegu za viazi, mwingine kwa mafuta ya mawese ya kuuza sokoni, wakarudisha na faida. Tuseme faida yote ni franka 1.000.000. Siku ya mgawo kuna 6.000.000. Ukigawa kwa hisa 2.500, kila hisa iliyonunuliwa 2.000 sasa ni 2.400.

Lakini kama mkopaji mmoja amekimbia vita na deni la franka 300.000, zinabaki 5.700.000, na kila hisa inashuka hadi 2.280. Hakuna aliyeibiwa. Mwenye hisa anakula faida ya kazi, na anabeba hasara ya kazi. Mama aliyeelewa mgawo huo ameelewa hisa ya kampuni kubwa, hata kama hajasoma.

Kampuni hiyo kubwa haiko mbali. Huko Bisie, ndani ya wilaya ya Walikale, kuna mgodi wa bati wa kampuni Alphamin. Serikali ya Kongo ina asilimia 5 ya mgodi, shirika moja la serikali ya Afrika Kusini lina karibu asilimia 11, na sehemu kubwa inayobaki ni ya Alphamin. Hisa za Alphamin zinauzwa kwenye masoko ya hisa ya Kanada na Johannesburg. Mtu wa Kanada ambaye hajawahi kukanyaga matope ya Walikale anaweza kununua asubuhi na kuuza jioni. Mama wa Walikale aliye jirani na mlima wenyewe hana mlango, kwa sababu Kongo haina soko la hisa, na kufungua akaunti kwa wakala wa nje kunadai karatasi na pesa ambazo kikundi cha kijiji hakina.

Bisie inafundisha jambo lingine pia. Mwezi wa 3 mwaka 2025, waasi wa M23 waliposogea kuelekea Walikale, kampuni ilisimamisha kazi na kuondoa wafanyakazi. Bei ya hisa zake ilianguka sana. Waasi walishika mji wa Walikale, kisha wakaondoka, na mwezi wa 4 kampuni ikatangaza kwamba inarudi kazini hatua kwa hatua. Aliyekuwa na pesa nyingine ya kula alingoja. Aliyehitaji pesa yake juma lile la vita aliuza kwa hasara.

Hapa hotuba nyingi zinanyamaza. Mwanachama wa AVEC anahitaji pesa yake siku gani? Ni siku ya vita, ya kukimbia, ya mtoto kulazwa hospitali. Kwa mtu wa Masisi au Walikale, hisa ya kampuni inayofanya kazi palepale anapoishi inaanguka siku ileile ambayo nyumba yake inaanguka. Shamba lake na hisa yake vinakuwa kikapu kimoja.

Mgeni atajibu kwamba hati za serikali ni tofauti. Ni kweli, ni tofauti. Mwenye hisa ni mshirika, lakini mwenye hati amekopesha. Tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo inauza tena hati za Hazina kwa mnada, kupitia Banki Kuu, na benki za biashara ndizo zinazonunua, kwa ajili yao au kwa wateja wao. Hati ya muda mfupi inauzwa chini ya bei iliyoandikwa juu yake. Kwa mfano, hati iliyoandikwa dola 1.000 ikinunuliwa kwa 920, baada ya mwaka mmoja serikali inalipa 1.000 na faida ni dola 80. Serikali ikipata mapato mengi, mwenye hati haongezewi kitu. Ikipata machache, deni lake liko palepale. Hesabu yake ni nyepesi kuliko ya hisa.

Lakini tuifuate hati hiyo njiani. Kikundi lazima kiwe na akaunti ya benki, na ili kiipate lazima kiwe na karatasi zinazokitambua na watu wenye haki ya kutia sahihi. Benki ndiyo inayopeleka ombi kwenye mnada. Kikundi hakishiki karatasi ya kufungia sandukuni. Jina lake, au la benki yake, linaandikwa kwenye daftari. Siku ya malipo, pesa inarudi kwenye akaunti. Hatua zote hizo zinapita mlango mmoja, ambao ni benki.

Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na benki za mji zikafunga. Watu wenye dola kwenye akaunti walibaki na namba tu. Wengine walipata pesa kwa njia ya simu, wakikatwa sehemu ili wapewe noti. Serikali ingelipa hati yake kwa tarehe, hata bila kuchelewa siku moja, mama wa Masisi asingekuwa na dirisha la kupokelea. Ahadi ya serikali ni jambo moja, na njia ya pesa kufika kijijini ni jambo lingine. Hotuba isiyotenganisha hayo mawili inawapeleka watu pabaya.

Kwa hiyo je, wabike noti milele? Hapana. Hotuba njema ingepanga pesa kwa siku itakapohitajika. Pesa ya dharura na ya mfuko wa solidarite ibaki karibu, na sanduku lisijazwe: AVEC inayokopesha vizuri ina noti chache sandukuni, kwa sababu pesa imo katika kazi za wanachama. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na haidai benki. Pesa ya mbegu na ya masomo ya watoto igawanywe kwa tarehe yake, isifungiwe mahali pa mwaka mzima. Inayobaki, ile ambayo mwanachama anaweza kuikosa miaka miwili bila kulala njaa, ndiyo ya kuzungumzia hisa na hati.

Na kwa hiyo, hisa iliyo karibu zaidi ni ile ya ushirika. Kongo iliingia katika sheria za OHADA mwaka 2012, na sheria hizo zinaruhusu watu watano tu kuanzisha ushirika mdogo unaotambulika. AVEC kadhaa zinaweza kuungana kununua mashine ya kukamua mawese au vyombo vya kutengeneza jibini ya Masisi, kila mmoja akiwa na hisa zilizoandikwa. Lakini mipaka isemwe waziwazi. Hisa ya ushirika haina soko. Anayetoka anarudishiwa kulingana na kanuni za ushirika, na anaweza kungoja muda mrefu. Tena, mashine inaweza kuporwa kama sanduku.

Njia ya ushirika wa akiba na mikopo, ile inayoitwa COOPEC, nayo ipo. Humo mwanachama ananunua hisa ya kuingilia kabla ya kuweka akiba. COOPEC lazima iwe na kibali cha Banki Kuu, na kukiomba si utovu wa adabu. Anayekasirika akiulizwa karatasi amekwisha kujibu. Kadhalika anayeahidi faida ya kila mwezi isiyoshuka hata siku moja, bila kueleza ni kazi gani inayoizaa. Wazee wanakumbuka Bindo ya Kinshasa: walioingia mapema walilipwa kwa pesa ya waliofuata, na ilipoanguka mwaka 1991 wengi walipoteza vyote.

Basi mgeni atakayekuja tena na hotuba, mama mwekahazina asimwache aondoke kabla hajajibu maswali matatu mbele ya kikundi chote. Jina letu linaandikwa kwenye daftari la nani? Tukihitaji pesa kabla ya tarehe, nani ataununua mkono wetu, na kwa bei gani? Barabara ikifungwa na benki ikifungwa, pesa inatufikia kwa njia gani? Akijibu yote matatu kwa majina na hesabu, kikundi kianze na sehemu ndogo, baada ya mgawo, kwa pesa ya wale tu waliokubali. Akishindwa hata moja, funguo tatu zirudi kwa wenyewe, na mkutano uendelee na mikopo ya siku hiyo.