Mabano Si Aibu

Wapo wenzangu wanaodai kwamba tafsiri nzuri haina mabano. Napinga. Chukua hati ya deni ya Kiganda iliyolowa maji bandarini Luzira. “Emitwalo”, yaani makumi ya elfu, yanasomeka. Katika neno linalofuata zimebaki “e” na “t” tu. Basi ni “esatu” au “etaano”: shilingi 30,000 au 50,000. Anayeandika 50,000 bila alama huenda amemwongezea mdaiwa 20,000 kwa kalamu yake. Mimi naandika: “shilingi [30,000? 50,000?]”. Neno lisilosomeka kabisa silikisii; naandika “[neno 1 halisomeki]”. Akiona alama, msomaji ataidai hati yenyewe. Asipoiona ataamini, na kosa litakuwa letu.