Kalendari ya salongo iache siku tupu

Memba kumi wanapalia maharagi kwa salongo, shamba moja kila siku, tangu siku ya 20 kisha kupanda. Siku ya 30 wanaanza kupanda muhogo. Kwa karatasi, mambo ni sawa. Lakini mvua ikikula siku mbili na kilio siku moja, mashamba matatu ya mwisho yanangojea muhogo uishe. Yanapofikiwa, maharagi yako katika maua, na jembe linayaangusha.

Sisi maagronomi tunaona hivi: kila kisha mashamba matatu, muache siku moja tupu ya kulipia iliyopotea. Kupalia kutaisha siku ya 32. Muhogo uanze 33. Miti yake, ikiwekwa kivulini, inaweza kungojea. Maharagi hayangojei. Ile siku tupu, hata mukikosa deni, musiiwekee kazi ingine.